Kitufe cha Mama Mkwe

Katika miaka ile ya tisini vyoo vya kukaa mjini Mpanda vilikuwa vya kuhesabika, na mimi, kama fundi bomba, ningeweza kukueleza kila kimoja kiko nyumba gani na kinavuja wapi. Kulikuwa na vya nyumba ya wageni ya misheni, vya nyumba za wakubwa wa serikali, na vya ule mradi wa visima uliokuja na wazungu wake ukaondoka nao. Vyote nilivitia mkono. Kilichonishinda kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa nyumbani kwangu mwenyewe, Kashaulili, nyuma ya chumba cha mama mkwe wangu.

Watu husema kinyozi hajinyoi. Sawa, lakini kinyozi ana ruhusa ya kujitazama kwenye kioo. Mimi hata mlango wa kile choo sikuruhusiwa kuusogelea.

Mama mkwe alikuwa akiishi kijijini Magamba, na huko alijulikana kwa mambo mawili, ulimi na vyungu. Alifinyanga vyungu vya kupikia na vya maji, na wanawake walivibeba kichwani kutoka kwake mpaka sokoni. Msimu mmoja wa mvua aliteleza kwenye shimo la udongo wa kufinyangia, akavunjika nyonga. Alilala hospitali muda mrefu, na alipotoka alikuwa mtu wa mkongojo. Kuchuchumaa hawezi tena. Sasa mtu asiyeweza kuchuchumaa atafanya nini Magamba, ambako kila choo ni cha shimo? Mke wangu alilia usiku mzima, asubuhi nikamwambia amlete mama yake kwetu, mengine aniachie mimi.

Nilikuwa na bahati. Mradi ulipofunga nyumba zake, mlinzi aliniruhusu kuchukua choo kimoja kizima pamoja na tanki lake, maana hakuna aliyekitaka. Nikajenga kijumba cha tofali za kuchoma, kimeshikana na chumba chake ili asitembee uwanjani. Juu ya stendi ya miti nikaweka pipa, tukawa tunalijaza kwa ndoo, na bomba likashuka kutoka humo mpaka kwenye tanki la choo. Tanki lenyewe lilikuwa la kigeni, halina mkono wa kushusha pembeni kama mengine. Katikati ya kifuniko chake cha kauri kulikuwa na tundu la mviringo, na ndani ya tundu hilo kitufe kilichogawanyika pande mbili. Upande mdogo ulimwaga maji kidogo kwa haja ndogo, upande mkubwa ukamwaga tanki karibu lote. Kwa nyumba inayoteka maji kwa ndoo, mzungu aliyebuni kitu kile alistahili kuchinjiwa mbuzi.

Nilikibonyeza mara nyingi kabla ya mama kufika, pande zote mbili, huku nacheka peke yangu. Siku aliyofika, kikaacha kuwa changu.

Kwetu mkwe wa kike ni mtu wa kukwepwa. Huli naye sahani moja, humtazami usoni, ukikutana naye njiani unaingia majanini. Na kama kupishana njiani ni aibu, basi mahali anapovulia nguo ni zaidi ya aibu. Hata akiwa hayumo, mahali pake ni pake. Tulikuwa hata kuongea hatuongei moja kwa moja. Akitaka kuniambia jambo aliuambia ukuta, nami nikiwa upande wa pili nikasikia. "Ukuta," angesema, "mwenye nyumba anakohoa sana siku hizi, aache hiyo sigara." Nami nikaujibu ukuta kwamba umesikika. Wageni waliotutembelea walidhani tumerukwa na akili, mimi na mama mkwe wangu na ukuta wetu.

Tulikaa hivyo kwa amani. Kila asubuhi, nikiwa nakunywa chai yangu uwanjani, nilisikia tanki likishusha maji ndani ya kile kijumba, kisha likijaa tena taratibu na kunyamaza. Sitasema uongo, nilijivuna. Ilikuwa sauti ya kazi yangu.

Halafu asubuhi moja sikuisikia. Mke wangu akaja kwa hatua za kunyata, akaniinamia sikioni.

"Baba watoto, kile kidude cha juu kimevunjika."

"Kimevunjikaje?"

"Mama anakibonyezaga na mkongojo. Hawezi kugeuka akafikisha mkono, si unajua nyonga. Leo kimeingia ndani, kimepasuka."

Mkongojo ule nilikuwa naujua. Ncha yake ilifungwa chuma ili isiliwe na ardhi. Kwa hiyo miezi yote ile plastiki ya watu ilikuwa inachomwa na chuma, nami nimekaa nje nakunywa chai na kujivuna! Nilipandwa na hasira, nikalaani plastiki, nikalaani mkongojo, nikalaani na mzungu niliyetaka kumchinjia mbuzi. Mke wangu akasubiri nimalize.

Utasema, si angemwaga maji kwa ndoo. Angemwaga kama angeweza kuinua ndoo, lakini mkono mmoja ulikuwa wa mkongojo na mwingine wa kujishikilia. Utasema, si kifuniko kiondolewe, abonyeze vali yenyewe humo ndani. Kifuniko hicho ndicho alichokiegemea kwa kiwiko akiinuka. Ilibaki kumwita binti yake kila alipomaliza, aje amwagie. Na mtoto wake alikuwa tayari, tena kwa moyo mweupe. Aliyekuwa hayuko tayari ni yeye mama. Mwanamke aliyelisha watoto saba kwa udongo wa mikono yake hakutaka mtu aje kutazama alichokiacha.

Hakulalamika. Alifanya jambo baya zaidi, aliacha kunywa maji.

Mke wangu ndiye aliyegundua. Ilikuwa Oktoba, mvua hazijaanza, na joto la Mpanda mwezi huo linakausha hata mate. Kikombe alichompelekea mama asubuhi alikikuta jioni kimejaa vilevile, na juu yake kuna vumbi. Uji alionja, chai alisema imemchosha. Midomo ikaanza kupasuka. Siku moja alisimama akaona kizunguzungu, akakaa tena kitandani, na mke wangu akaja kwangu macho mekundu.

"Mama anajikausha," alisema. "Anajikausha ili asiende. Atakufa kwa aibu, baba watoto, kweli kabisa atakufa kwa aibu."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku aliyovunjika nyonga, kwa sababu nyonga ilikuwa kazi ya daktari na hii ilikuwa kazi yangu.

Wazo la kwanza lilikuwa kuleta fundi mwingine. Lakini mafundi wenzangu wote mjini tulikuwa tunaitana ndugu, na ndugu yangu ni mkwe wake vilevile. Mama alishalijibu hilo kabla sijalisema. "Ukuta," nilimsikia, "asiletwe mkwe wa pili kuja kumalizia aibu ya mkwe wa kwanza." Wazo la pili, kifuniko kitolewe nje nikitazame uwanjani. Hapo ndipo ulimi wa Magamba ulipoamka. Kitu anachokiegemea akiwa hajajifunika kiende mikononi mwa mkwe, mchana kweupe, majirani wakiona? Bora arudi kwao akafie kwenye shimo lake la udongo. Mke wangu akatoka chumbani kainamisha kichwa, nikajua hilo nalo limekufa.

Basi tukafanya kazi kupitia ukutani. Mimi nikasimama nje, chini ya kidirisha cha kile choo, mgongo nimeuelekeza ndani. Mama akiwa chumbani kwake kajifunika shuka. Mke wangu ndani ya choo na uzi.

"Pima hicho kitufe," nikamwambia. "Upana wake, kutoka ukingo mpaka ukingo, upite katikati."

"Nimepima."

"Uhakika?"

"Nimepima, nimekata na uzi wenyewe. Shika."

Mkono wake ukatoka dirishani na kipande cha uzi. Nikakilaza kwenye rula yangu, sentimita tano na ushei. Nilikitazama kipande kile nikaona ni kikubwa kidogo kuliko nilivyokumbuka, lakini kumbukumbu si rula. Madukani Kashaulili hakukuwa na kitufe cha namna hiyo, walikuwa na mikono ya pembeni tu. Nikampa uzi rafiki yangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye treni ya Tabora, nikamwomba atafute huko, na kikikosekana amkabidhi mwenzake aendelee nao mpaka Dar es Salaam.

Tulisubiri. Mke wangu alimlazimisha mama maji kwa kijiko kama anayemlisha kifaranga. Mimi nikawa mkali kwa kila mtu, mpaka mbwa akahamia kwa jirani.

Kitufe kikaja, kizuri, kinang'aa, na fimbo zake mbili za plastiki zimefungwa kwa raba. Nikampa mke wangu dirishani, nikageuza mgongo. Nikasikia kauri inagongwa, kimya, inagongwa tena.

"Hakiingii."

"Kwa nini kisiingie?"

"Kinakaa juu ya tundu kama kofia. Shingo yake nene, haipiti."

Hapo nikaelewa. Kitufe kina shingo yenye nyuzi kama za skrubu, inayopita kwenye tundu na kukazwa kwa nati kwa chini, na juu ya shingo kuna ukingo mpana unaolala juu ya kifuniko ili kuficha mdomo wa tundu. Mke wangu alipima ukingo. Kile cha zamani kilikuwa bado kimekaa mahali pake, kimepasuka katikati tu, hakuna mtu aliyekitoa, kwa hiyo tundu lenyewe hakuna aliyeliona. Na angelionaje? Mimi nilimwambia apime kitufe, naye akapima kitufe.

"Nimeelewa," nikasema, nikakaa chini ukutani. Nilikuwa karibu kulia. Treni nyingine, Tabora nyingine, na mama yule amelala humo midomo imepasuka.

Ndipo nikamsikia. Sauti ilikuwa nyembamba, imekauka, lakini ulimi ulikuwa ule ule.

"Ukuta. Hivi nyie mmepima nini?"

Mke wangu akamweleza. Kikasikika kitu kama kicheko.

"Ukuta, mwambie huyo baba. Mimi nimefinyanga vifuniko tangu sijaota matiti. Kifuniko cha chungu hakipimwi kwa mdomo wa nje, kinapimwa kwa koo. Ukipima mdomo, kifuniko kinakalia juu kinacheza, mvuke wote unatoka. Mtoe kwanza hicho kilichovunjika, ndo mpime koo."

"Nimesikia, ukuta," nikasema.

"Na ukuta umwambie," akaendelea, sasa taratibu, "lisilo budi hutendwa. Kitoke hicho kifuniko. Kifungwe kwenye kanga yangu, asikione kabla hakijaoshwa."

Sikuamini. Mke wangu naye hakuamini, maana alikaa muda kabla hajatoka. Alikuja uwanjani amebeba kifuniko kimefungwa kanga ya njano ya mama yake kama mtoto mchanga, kimeoshwa mpaka kinateleza. Majirani walichungulia. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake.

Nikakigeuza juu chini, nikafungua nati kwa mkono, mabaki ya kitufe yakatoka. Tundu likabaki wazi. Nikaweka rula kwenye upana wake, nikageuza nikapima na kwa njia ya pili, maana kauri ikichomwa huweza kuvutika tundu likawa na umbo la yai. Pande zote mbili ilikuwa sentimita nne kasoro kidogo. Zaidi ya sentimita moja tulikuwa tumedanganywa na ukingo. Nikapima pia unene wa kifuniko, ili shingo iwe na urefu wa kutosha kupokea nati.

Safari hii sikutuma uzi. Nilichonga kipande cha mti cha mviringo kikapita kwenye lile tundu kwa kubana kidogo, nikamwambia yule wa treni: kinachopita mahali kinapopita hiki ndicho, kingine usilete. Kikubwa akarudishe alikokitoa. Mti ukasafiri. Na mama, nadhani kwa sababu neno lake lilikuwa limesikika, alianza kukubali nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Zaidi ya hapo aliukunja uso.

Kitufe cha pili kikaingia kwenye tundu mara moja. Nilikifunga mimi mwenyewe, kifuniko kikiwa mapajani kwangu juu ya ile kanga, nikakaza nati kwa vidole tu, kwa sababu ukikaza kwa koleo plastiki inapasuka. Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kitufe peke yake hakishushi maji. Kinachoshusha ni zile fimbo mbili zinazoning'inia chini yake, moja kwa kila upande wa kitufe. Ukibonyeza, fimbo inasukuma kichwa cha vali kilicho ndani ya tanki, vali inafunguka. Fimbo ikiwa fupi, unabonyeza hewa. Ikiwa ndefu, kifuniko kikikaa tu tayari inakandamiza, vali haifungi, na maji yanakimbia chooni mchana na usiku mpaka pipa likauke. Dukani huuzwa ndefu makusudi, fundi akate mwenyewe. Na urefu wa kukata ulikuwa ndani ya kijumba ambacho sikuruhusiwa kuingia.

"Weka ubao ulale juu ya mdomo wa tanki," nikamwambia mke wangu kupitia dirishani. "Ulale bapa. Halafu shusha rula kutoka chini ya ubao mpaka kwenye vichwa vya vali. Viko viwili. Usiviguse kwa nguvu, maji yataondoka."

Alinitajia vipimo, nikakata fimbo kwa msumeno wa chuma, nikaacha ziada kidogo, kwa sababu fimbo iliyokatwa haiongezeki. Nikazikaza kwenye kitufe. Kifuniko kikaingia na kanga yake. Nikageuza mgongo, nikasikiliza.

Maji yakaanza kukimbia, membamba, bila kukoma.

"Inua," nikasema. Yakakoma. "Rudisha." Yakakimbia tena. Sikuhitaji kuona. Fimbo moja ilikuwa inakandamiza.

"Tujaribu kwanza ile ya upande mdogo, itoe unipe." Mkono ukatoka dirishani. Nikakata kipande chembamba kama ukucha, nikairudisha. Bado maji yalilia. Nikakata ukucha wa pili. Safari hii kifuniko kilipokaa hapakuwa na sauti, ila tanki likijaa, likijaa, kisha kimya.

"Bonyeza mdogo." Maji yakashuka kidogo, yakakatika. "Ngoja lijae. Bonyeza mkubwa." Yakashuka kwa kishindo. Lilipojaa likanyamaza.

Lilibaki jambo la mkongojo. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukunja mara tatu, nikautuma kwa mke wangu afunge kwenye ile ncha ya chuma kwa waya. Hakuna aliyenituma. Lakini kama mtu hawezi kugeuka, ujinga ni kumwekea kitufe kipya abonyeze kwa chuma kilekile.

Jioni ile tulikaa uwanjani. Nilisikia mkongojo ukitembea ndani, na sasa haukugonga, ulikuwa unakanyaga kwa upole. Mlango wa kijumba ukafungwa. Nikatazama chini, kama inavyopasa. Muda ukapita. Kisha maji yakashuka, yale madogo, yakakatika vizuri, tanki likajaa na kunyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Kitanda kikalia.

"Ukuta," mama akasema, "nina kiu."

Mke wangu aliinuka haraka akapindua kiti. Akapeleka kikombe, akarudi na kikombe kitupu, akajaza tena, akarudi nacho kitupu. Mara ya tatu alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mimi niliwasha sigara, nikakumbuka, nikaizima.

Alikaa nasi miaka mingine kabla hajafariki, kwa uzee wake, kitandani kwake. Tulimzika Magamba. Matanga yalipokwisha, mke wangu aliosha chumba, akafungua mlango wa kijumba, akaniambia sasa naweza kuingia. Niliingia. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokijenga, ila juu ya kitufe, upande mdogo, palikuwa na doa jeusi la mpira wa baiskeli. Upande mkubwa ulikuwa mweupe kabisa. Miaka yote ile alikuwa ananihurumia ndoo zangu.

Nikabonyeza. Maji yakashuka, na kwa kweli sikuitambua ile sauti. Ilikuwa kubwa mno, ya karibu mno, sauti ya choo cha mtu yeyote. Nikamwita mke wangu, nikamwomba aingie yeye na afunge mlango. Nikatoka nje nikasimama chini ya kidirisha, mgongo nimeugeuza, nikamwambia abonyeze ule mdogo.